Punje za Kibuyu cha Yudith

Sauti ile ilianza kumfuata Tusekile mwezi wa Agosti, mwaka 1952, na hadi mwaka 1955 ilikuwa haijamwacha. Haikuwa kilio, wala haikuwa mwito wa jina lake. Ilikuwa mlio mdogo, mkavu, wa punje moja ya maharage ikigongana na jino la mwanamke mgonjwa. Aliisikia mchana kweupe, alipovunja vijiti vya kuwashia moto. Aliisikia ukungu uliposhuka kutoka mlimani na kufunika shamba la viazi, akabaki amesimama na jembe mkononi, akisubiri isikike mara ya pili. Haikusikika mara ya pili. Mama mkwe wake, Yudith, aliitafuna punje ile mara moja tu, akaitema kiganjani, akaitazama, kisha akamtazama Tusekile.

“Hata maharage yamekukataa, mwanangu,” alisema.

Baada ya siku nne Yudith akafariki kwa ugonjwa wa kifua uliokuwa umemla tangu masika. Kila mtu alijua kwamba kifua ndicho kilichomuua. Lakini maneno yale yalikuwa ya mwisho ambayo Tusekile aliambiwa naye, na katika ukoo wa Kalinga, maneno ya mwisho ya marehemu hayakuzikwa pamoja naye.

Ukoo huo ulikuwa umetoka pande za Iringa zamani za babu, ukakaa kwenye vilima vilivyo juu ya Mbalizi, ukajenga kanisa la matofali mabichi na kuendelea na desturi moja ambayo wachungaji hawakuwahi kuihoji. Mtu wao akifa, chakula kibichi kilichobaki cha siku zake za mwisho, kama ni cha nafaka au cha kunde, hutiwa ndani ya kibuyu. Mdomo wa kibuyu huzibwa kwa majivu na udongo, kikatundikwa kwenye boriti juu ya meko. Hapo hukaa mpaka siku ya kuweka msalaba wa jiwe kaburini. Siku hiyo yule aliyemlisha marehemu mara ya mwisho hukipika chakula hicho, na ukoo mzima hula, japo punje tatu kila mtu. Chakula kikiiva vizuri, marehemu amekubali kwenda. Kikikataa kuiva, amemkataa mpishi.

Msalaba wa Yudith ulikuwa tayari. Mwanawe Saulo, mume wa Tusekile, alikuwa ameuchongesha kwa fundi wa kambi ya barabara alikofanya kazi, na siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, shangazi yake Saulo, aliyeitwa Lusia, alikuja kutangaza jambo lake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, dada wa marehemu baba mkwe, na nyumba yake ilitazamana na nyumba yao, bonde dogo tu likiwa katikati.

“Mke wa Saulo,” alisema bila kuketi, “sote tunajua wifi yangu alikuambia nini. Kama maharage yakikataa tena, mtoto huyu nitamchukua mimi.”

Alimwonyesha kwa kidevu binti wa Tusekile, aliyekuwa akichezea maganda ya mahindi karibu na mlango. Mtoto huyo alizaliwa miezi mitano baada ya msiba, akapewa jina la bibi yake, Yudith.

“Shangazi, mtoto ana kosa gani?”

“Hana kosa. Ndiyo maana nitamchukua. Jina la marehemu haliwezi kulelewa na mkono ambao marehemu ameukataa. Wewe utarudi kwenu Rungwe, ukapumzike.”

Saulo, aliyekuwa akifunga kamba ya kiatu, aliendelea kuifunga kwa muda mrefu kupita kiasi. Katika ukoo ule, neno la shangazi kuhusu mtoto halikupingwa na mpwa.

Siku ya pili, Lusia alipokuwa shambani, Tusekile alipanda juu ya kinu, akakishusha kibuyu, akakitoboa udongo wake. Alichota viganja vitatu, akakiziba tena kwa udongo mbichi. Alibakiza kiasi kidogo, mengine akayachemsha tangu umande haujakauka hadi kuku waliporudi bandani. Maji yalikauka, akaongeza. Maganda yalikunjamana, mengine yakapasuka, mchuzi ukageuka rangi ya chai. Alichukua punje moja, akaiweka kati ya meno, akauma.

Mlio ulikuwa uleule. Safari hii ulitoka ndani ya kinywa chake mwenyewe, na kwa kitambo hakuweza kujua ni jino la nani lililouma.

*

Pembeni mwa barabara ya Tunduma, pale Mbalizi, malori yaliposimama kupoza injini, palikuwa na kibanda cha bati cha Bibie Mwamvita. Alikuwa mjane wa Kiislamu aliyezaliwa Tanga, akaolewa Iringa mjini, akapika huko miaka minane kabla ya kuhamia Mbeya na hatimaye Mbalizi. Aliuza chai, vitumbua na maharage. Madereva walisema kwamba maharage yake huyeyuka yenyewe, mtu akiwa bado anatafuta kijiko.

Tusekile hakwenda kwake kuomba ushauri. Alikwenda kuuza viazi, na punje zile za siku ya jaribio, alizozibakiza bila kupika, zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga kama mtu anavyobeba hirizi. Lakini alipofika mbele ya sufuria ya Mwamvita na kuona dereva mmoja akiponda maharage kwa nyuma ya kijiko bila nguvu yoyote, machozi yalimtoka.

“Lahaula! Viazi vimekuwa vizito hivyo?” Mwamvita aliuliza. “Keti, mwanangu. Muharami, sogea bwana, benchi si la baba yako.”

Dereva alisogea huku akicheka. Tusekile aliketi, akafungua pindo, na kwa sauti ya chini akaeleza yote: kibuyu, shangazi, mtoto, na maneno ya marehemu. Mwamvita alimsikiliza akiendelea kukoroga. Kisha akachukua punje chache, akazipeleka penye mwanga.

“Kwetu maharage yakikataa kuiva, madereva ndio wananikataa mimi,” alisema. “Na nilipofika nyanda hizi kutoka pwani yalikataa sana. Nilidhani kuni zenu zimelogwa. Kumbe huku juu maji yanaanza kuchemka kabla hayajawa na moto wa maji ya Tanga. Unaona mapovu, unadhani yamefika, kumbe bado. Kwa hiyo kila kitu huku kinataka muda zaidi. Lakini haya yako yana jambo jingine. Yana miaka mingapi?”

“Mitatu. Tangu msiba.”

Mwamvita alichota punje mbichi kutoka gunia lake, akazilaza kiganjani kando ya zile za kibuyu. Zilikuwa za aina moja, ndogo, za mviringo. Lakini zake zilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na zile za kibuyu zilikuwa zimeiva rangi kama mti wa zamani wa mlango.

“Mitatu?” alisema polepole. “Mimi si mganga, siapi. Lakini nimenunua maharage ya Igowole, kule Iringa, na ya huku tangu wewe hujaolewa. Haya yalikuwa yameshazeeka siku yalipoingia kwenye kibuyu. Na nani aliwaambia myatundike juu ya moto?”

“Ndiyo desturi. Moshi unafukuza fukusi.”

“Fukusi wanakimbia, kweli. Lakini joto na mvuke wa vyungu vinapanda pale kila siku. Maharage yanataka pakavu na pa baridi. Ukiyaweka penye joto na unyevu, yanakauka moyo. Hayaozi, hayaliwi na mdudu, ukiyatazama ni mazima kabisa, ila ndani yameshakaza.”

Alimwambia Tusekile aache punje zile, arudi siku ya soko inayofuata, na afike mapema.

Tusekile alipofika, alikuta makopo manne juu ya moto mmoja. Mwamvita alikuwa ameyaloweka maharage tangu jana yake, kila kopo peke yake, na maji yote yalikuwa yametoka ndoo moja. Kopo la kwanza lilikuwa na maharage mapya ya gunia. Matatu yaliyobaki yalikuwa na maharage ya kibuyu. Katika matatu hayo, la kwanza liliwekewa maji matupu. La pili lilitiwa nyanya zilizopondwa tangu maji yalipoanza kuchemka. Maharage ya kopo la tatu yalikuwa yamelala kwenye maji ya chumvi, yakasuuzwa asubuhi na kupikwa kwa maji safi.

“Chumvi!” Tusekile alishtuka. “Mama, chumvi si ndiyo inayokaza maharage? Hata mtoto anajua.”

“Ndivyo anavyojua mtoto. Tulia uone.”

Maharage mapya yaliiva kabla jua halijafika utosini. Baada ya adhuhuri, Mwamvita alitoa punje kutoka kopo la chumvi, akaibonyeza kati ya vidole viwili. Ilipondeka. Ile ya maji matupu ilipasuka ganda, lakini ndani ilikuwa na chengachenga kama mchanga. Ile ya nyanya aliibonyeza, akaibonyeza tena, kisha akaidondosha juu ya bati la meza.

Tusekile aliinuka ghafla. Ulikuwa ule mlio.

“Unaona,” Mwamvita alisema, akiiokota punje ile. “Ndani ya punje kuna kitu kama gundi, kinaishikanisha. Maji ya moto yanailegeza gundi ile, ndipo punje inaiva. Uzee unaikaza. Kitu kichachu, kama nyanya, ndimu au ukwaju, kinaizuia isilegee. Ukiyalowekea chumvi, gundi inalainika kabla hujawasha hata moto. Sijui chumvi inafanyaje humo ndani, mimi naona kinachotoka tu. Magadi nayo yanalegeza, kidogo tu, yakizidi unakula sabuni.”

“Basi kwa nini watu wote wanailaumu chumvi?”

“Kwa sababu mpishi akitia nyanya, anatia na chumvi. Zinaingia kwa mkono mmoja, saa moja. Maharage yakigoma, nani atalaumu nyanya? Nyanya ni tamu. Wanamlaumu mwenzake aliyekuwa naye.”

Tusekile alilitazama kopo la nyanya. Alikuwa ameikumbuka siku ile ya Agosti, ameikumbuka yote, hata sehemu ambayo sauti ya punje ilikuwa imeifunika. Yudith alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na meko. Alikuwa amekataa uji siku mbili. Maharage yalikuwa yamewekwa motoni muda mfupi tu, naye akanong’ona: “Nitilie nyanya, mwanangu. Kinywa changu kimekuwa kama udongo. Nataka kitu kichachu.” Tusekile alikimbia nyuma ya nyumba, akachuma nyanya sita ndogo, akazitia zote mara moja chunguni kwa furaha, kwa kuwa mgonjwa alikuwa ameomba chakula. Kisha akachochea moto tangu asubuhi mpaka jioni.

Kumbe ni upendo uliotia nyanya ile. Upendo haukumfundisha kusubiri.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo lilimjia akiwa njiani, akipanda kilima, ukungu ukiwa umeanza kuifuta barabara nyuma yake. Mwaka ule wa 1952 mvua iliozesha maharage yao yote shambani. Yale aliyompikia Yudith hayakuwa ya nyumba yao. Yaliletwa ndani ya ungo, yamefunikwa kwa kitambaa cheupe, na aliyeyaleta alikuwa amesema: “Mpikie wifi yangu haya, ni mapya, nimeyavuna juzi.”

Aliyeyaleta alikuwa Lusia.

*

Ijumaa, saa tisa alasiri, kibuyu kilishushwa mbele ya wanawake wa ukoo na mzee wa kanisa, Anania. Lusia ndiye aliyekipokea. Alipitisha kidole kwenye mdomo wake, akakisogeza puani.

“Udongo huu ni wa mwezi huu,” alisema.

Saulo alimtazama mkewe. Usiku uliotangulia, Tusekile alikuwa amemweleza habari za Mwamvita, naye Saulo akamsihi: “Yaloweke kwa siri. Yataiva, watakula, yataisha.” Tusekile alikuwa karibu kukubali. Lakini alijiuliza atakaa vipi na sauti ile, kama ataizika kwa uongo. Punje laini iliyopikwa kwa siri isingemjibu marehemu kitu. Ingemziba mdomo tu.

“Nilikifungua mimi,” alisema sasa, akipiga magoti. “Niliogopa, Shangazi. Nilichota viganja vitatu nikavipika siku nzima, vikakataa.”

“Mmesikia?” Lusia aliwageukia wanawake. “Mmesikia wenyewe kwa kinywa chake? Tunapikia nini tena kesho?”

“Naomba vyungu viwili.”

“Viwili vya nini? Ukoo huu unapika kimoja!”

“Maharage haya haya, maji haya haya, moto huu huu, mkono wangu huu huu. Kimoja nitakipika kama nilivyompikia mama siku ile, kwa nyanya tangu mwanzo. Kingine nitakiloweka sasa hivi, mbele yenu, kwa maji na chumvi, na nyanya nitaitia yakishaiva. Kama mama ameukataa mkono wangu, ataukataa katika vyungu vyote viwili, kwa maana mkono ni mmoja. Lakini kimoja kikiiva na kingine kikagoma, basi aliyekataa si yeye.”

“Chumvi!” mwanamke mmoja alicheka nyuma. “Huyu anataka tuvunjike meno, msalaba wa jiwe uwe wetu sote.”

Wengine walicheka pia, na kicheko hicho kiliufungua mlango kidogo. Anania alijikuna shingo. Alikuwa mtu asiyependa fitina wala kusimama muda mrefu.

“Mungu haogopi vyungu viwili,” alisema. “Na chumvi si dawa ya mganga, kila nyumba inayo. Aloweke.”

Lusia alimkazia macho Tusekile kwa namna ya ajabu, si ya hasira. Ilikuwa kama anasubiri neno fulani, na anaogopa kulisikia. Tusekile aliliona hilo. Neno alikuwa nalo kinywani: ungo, kitambaa cheupe, ni mapya. Angelitamka mbele ya wote, mambo yangeishia hapo. Lakini alifikiri juu ya mwanamke huyu aliyevuka bonde kila jioni miaka mitatu kuketi kwenye meko ambayo hayakuwa yake, macho yake yakipanda kwenye kibuyu na kushuka. Walimwona kama mlinzi. Huenda alikuwa mfungwa.

Akainuka, akaenda kupima chumvi.

*

Jumamosi ukungu haukuondoka. Kaburi lilikuwa hatua mia mbili tu, lakini wanaume walipobeba msalaba walitoweka kabla ya kufika kwenye ua wa miti, na nyimbo zao zikarudi kana kwamba zinaimbwa na watu wasioonekana popote. Uani walibaki wanawake wachache, vyungu viwili juu ya mafiga, na Lusia juu ya kigoda, mtoto Yudith akiwa amelala mapajani mwake.

Tusekile alikuwa amesuuza maharage ya chumvi mara mbili. Chungu cha kushoto kilikuwa chekundu kwa nyanya. Cha kulia kilikuwa na maji na maharage tu. Alilisha moto kwa haki, kuni huku, kuni kule. Saa nne, maharage ya vyungu vyote viwili yalikuwa magumu. Saa sita, yote yalikuwa bado magumu. Mwamvita alikuwa amemwonya kwamba maharage mazee hayana ahadi. Aliongeza maji ya moto, akafunika, akaomba bila maneno.

“Unasikia?” Lusia aliuliza ghafla.

“Nini, Shangazi?”

“Hakuna. Moto.”

Lakini hapakuwa na mlio wowote motoni. Kuni zilikuwa kavu, zikiwaka kimya. Tusekile alisimama na mwiko mkononi, kwa sababu alijua kile ambacho Lusia amesikia. Alidhani miaka yote ile kwamba sauti ile ilimfuata yeye peke yake.

Saa nane, sauti za wanaume zilianza kupanda kutoka kaburini. Tusekile alifunua chungu cha kulia. Mchuzi ulikuwa umeshika uzito. Alichota kwa mwiko, akapuliza, akabonyeza punje kwa kidole gumba dhidi ya ubao. Ilipondeka kama kiazi. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya kumi. Katika kumi, moja ilikuwa na chenga moyoni. Tisa zilikuwa laini. Ndipo alipotia nyanya na kuziacha zichemke kidogo.

Alifunua cha kushoto. Hakuhitaji kubonyeza. Punje zilipogonga ukingo wa chungu, kila mwanamke uani alizisikia.

Watu walikula kwa mpangilio wa umri, punje tatu kila mmoja kutoka kila chungu. Anania aliuma ya kushoto, akashika shavu, akaitema kwa adabu ndani ya leso. Aliuma ya kulia, akafumba macho. “Ongeza,” alisema, na watu wakacheka kwa faraja.

“Mkono ni mmoja,” Saulo alisema kwa sauti ya juu, mara ya kwanza katika jambo hili lote. “Mmejionea. Mama hakumkataa mke wangu.”

“Lakini nilikosea, na nitasema,” Tusekile alisema. “Mama aliniomba kitu kichachu, nami nikakitia mapema kabla maharage hayajaiva. Nyanya ndiyo iliyoyazuia. Sikujua. Nasikitika kwamba hakula.”

Hakusema juu ya uzee wa maharage, wala juu ya ungo. Alimgeukia Lusia, akampa kibakuli cha chungu cha kulia kwa mikono miwili, akapiga magoti kama inavyompasa mke wa mpwa.

Lusia hakukipokea. Alimweka mtoto chini taratibu, akaenda hadi chungu cha kushoto, akachota kibakuli kizima, akaketi, akaanza kula. Alizila moja moja. Ukungu ulikuwa mzito, na mlio ule ulisikika wazi, mkavu, ukirudiarudia, ukitoka safari hii katika kinywa cha mtu aliye hai.

“Shangazi,” Saulo alisema, “acha, utaumia.”

“Naye aliumia.” Lusia hakuinua macho. “Mwaka ule nilivuna magunia mawili. Mapya yote niliyashusha soko la Mbalizi. Wifi yangu nilimletea ya chini ya ghala, ya miaka miwili nyuma, ambayo hata mimi nilishindwa kuyaivisha. Nikayafunika kitambaa, nikasema ni mapya. Nilifikiri, mgonjwa atajua nini? Kisha akafa, na mkamlaumu mtoto wa watu, nami nikaona ni afadhali. Nikalaumu kuliko wote.” Aliuma nyingine. “Kila siku namsikia. Nikikaa hapa namsikia. Nilidhani nikimchukua mtoto mwenye jina lake, atanyamaza.”

Wanawake walitazama chini. Anania alifungua kinywa, akakosa aya.

“Ulijua,” Lusia alimwambia Tusekile. “Tangu jana ulijua. Kwa nini hukusema?”

“Tulitia pamoja, Shangazi. Wewe ulitia uzee, mimi nikatia nyanya. Ningekutaja wewe peke yako, ningekuwa kama watu wanaoilaumu chumvi, nyanya ikapona.”

Lusia alichukua punje nyingine, lakini ikamponyoka, ikaanguka ndani ya kibakuli ikalia. Tusekile alikisogelea kibakuli kile, akakitoa polepole kutoka vidole vyake vikavu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anavyomnyang’anya kisu aliyelala.

“Inatosha,” alisema. “Kula haya. Haya yameiva.”

Lusia alikula. Alikula bila sauti yoyote, midomo imefumbwa, machozi yakishuka hadi kidevuni. Alipomaliza, alimwinua mtoto Yudith, akaivua kanga yake mwenyewe begani, akamfunga mgongoni mwa mama yake, akakaza fundo kwa nguvu, akalijaribu kwa kulivuta mara mbili.

Jioni, watu walipokuwa wametawanyika, Tusekile alikichukua chungu cha kushoto akakimwaga nyuma ya nyumba, mahali zilipokuwa nyanya zamani. Punje zilianguka juu ya majani makavu. Alisimama kusikiliza. Zilitoa mlio uleule, bila shaka, kwa kuwa ugumu wake haukuwa umekwenda popote. Lakini ng’ambo ya bonde, ndani ya ukungu, alisikia Lusia akikohoa, akiita mbuzi wake, akifunga mlango. Na kati ya sauti hizo zote ndogo za mtu anayejiandaa kulala nyumbani kwake, hakusikia ile iliyomfuata miaka mitatu.